Kuuza ardhi ya urithi: gharama ya mali ya zamani inathibitishwaje?

Malalamiko mengi tunayopokea kuhusu kodi ya ongezeko la mtaji hutoka kwa warithi. Wanasema: "Kiwanja ni cha baba, hatukukinunua, faida inatoka wapi?" Makala haya yanahusu mauzo, si kuhamisha jina kutoka kwa marehemu kwenda kwa mrithi. Hayo ni mambo mawili, na kuyachanganya ndiko kunakoleta ugomvi mwingi kaunta.

Kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332, mkazi wa Tanzania anayeuza ardhi au jengo hulipa asilimia 10 ya faida. Narudia: ya faida, si ya bei. Faida ni bei ya kuuzia ukitoa gharama zilizothibitishwa: kununua, kujenga, kuboresha, na gharama za kuuza kama vile wakili, dalali na uthamini. Asiye na kumbukumbu za gharama hulipa asilimia 3 ya bei ya kuuzia au ya thamani iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, yoyote iliyo kubwa.

Tuchukue mfano. Ndugu watatu wamerithi kiwanja ambacho baba yao aligawiwa na kijiji miaka ya 1970. Hakuna risiti wala mkataba wa kukinunua. Baada ya kurithishwa walijenga nyumba, na sasa wanaiuza kwa shilingi milioni 180. Thamani iliyoidhinishwa ni milioni 170, kwa hiyo bei ndiyo kubwa. Wakiwa hawana karatasi yoyote, asilimia 3 ya milioni 180 ni shilingi milioni 5.4.

Lakini dada mkubwa alitunza risiti za saruji, nondo na mabati, mkataba wa fundi na kibali cha ujenzi. Jumla ni milioni 138. Wakili na dalali wamechukua milioni 6. Ardhi yenyewe tunaihesabu sifuri kwa sababu haina ushahidi. Faida inabaki milioni 36, na kodi ni milioni 3.6. Bahasha ya risiti imewaokolea milioni 1.8.

Ukipiga hesabu utaona kwamba gharama zikifika asilimia 70 ya bei, njia zote mbili hutoa kodi sawa. Zikizidi hapo, risiti zinakufaa. Zikiwa chini ya hapo, wapo wanaojaribiwa kuzificha ili watozwe asilimia 3. Hilo halikubaliki. Asilimia 3 ni kwa asiye na kumbukumbu, si kwa aliyezifungia kabatini. Kutoa taarifa ya uongo kunaleta adhabu juu ya kodi, na kodi iliyocheleweshwa inaongezeka riba.

Vivyo hivyo kwa risiti za kutengeneza. Risiti iliyoandikwa "1988" huku ikiwa na namba ya simu ya mkononi haihitaji mtaalamu kuitilia shaka. Na kuandika bei ndogo kwenye mkataba hakusaidii: afisa ataitazama pia thamani iliyoidhinishwa. Anayeumia ni muuzaji, kwa kuwa mbele ya mahakama amebaki na mkataba usiosema ukweli.

Kuhusu msamaha, tafadhali tusikilizane. Nyumba ya makazi inasamehewa iwapo muuzaji ameimiliki mfululizo kwa miaka mitatu au zaidi, ameishi humo kwa jumla ya miaka mitatu au zaidi, na faida haizidi shilingi milioni 15. Anayetazamwa ni anayeuza. Kwamba marehemu aliishi pale miaka arobaini hakumpi msamaha mrithi anayeishi mkoa mwingine. Shamba linasamehewa kama thamani yake ni chini ya shilingi milioni 10 na limetumika kwa kilimo angalau miaka miwili kati ya mitatu kabla ya kuuzwa.

Kabla ya yote hayo, awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mauzo ya wanafamilia waliokubaliana sebuleni hayafiki mbali. Katika Mahakama ya Mwanzo msimamizi anatakiwa, ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, kuwasilisha Fomu Namba V yenye orodha ya mali na madeni. Omba nakala uitunze pamoja na barua ya usimamizi, hati au barua ya toleo, na risiti za kodi ya pango la ardhi. Karatasi hizo hazithibitishi gharama, ila zinaonyesha mali ni ipi, ya nani na tangu lini. Bila hayo risiti za saruji hazina pa kushikilia.

Msajili wa Hati hasajili uhamisho mpaka aone cheti kwamba kodi imelipwa. Kwa hiyo kadirieni kodi mapema, kabla ya kugawana fedha za mnunuzi. Ndugu akishachukua fungu lake akaondoka, kodi hubaki kwa yule aliyebaki na hati mkononi, na mnunuzi naye anaendelea kusubiri jina lake liingie kwenye daftari.