Kobe ana vilima mgongoni: watu wanavyosema na picha inavyoonyesha

DHANA: vilima mgongoni vinatokana na shibe, mpunguzie chakula.

UKWELI: Dada mmoja wa Arua alinitumia picha za kobe chui wake wa mwaka mmoja na nusu, kila kipande cha gamba kimenyanyuka kama kichuguu, na alikuwa ameshaanza kumnyima majani, maskini. Nikamwambia ngoja kwanza, nipigie nyingine 3, mchana kivulini bila flashi, moja ya juu, moja ya ubavuni, moja ya uso na miguu, halafu umuoshe kwanza maana vumbi linaficha mengi.

Ya ubavuni ndo iliyosema. Kingo za gamba zimeshuka vizuri, hazijapinda kwenda juu, na anatembea tumbo likiwa limenyanyuka kutoka chini. Angekuwa na upungufu wa kalsiamu au jua, mara nyingi ungeona kingo zimepinda juu, mgongo umebonyea, miguu haimnyanyui. Shingoni ngozi kavu, imekunjamana. Kumuuliza, kumbe analala kwenye boksi chini ya balbu ya joto, kiangazi cha Januari, maji kakisahani tu.

Hapo ni ukavu. Gamba hukua pembeni mwa kila kipande, na hiyo sehemu mpya ikikauka haraka inakuwa ngumu ikiwa imejikunja, katikati panabaki juu. Utafiti wa Austria wa 2003 kwa makobe wadogo wa aina ya sulkata ulikuta ukavu wa hewa unaleta vilima kuliko protini ya chakula. Ila hiyo siyo ruhusa ya kumpa posho na mkate jamani, kobe chui ni mla nyasi.

Tukamwekea kona ya kujificha yenye udongo unaonyunyiziwa kila siku, unyevu karibu asilimia 80, na kuogeshwa maji ya vuguvugu dakika 15, yasimpite kidevu. Pawe na joto, unyevu wa baridi unamletea homa ya mapafu.

DHANA: mistari myeupe kati ya vipande ni ugonjwa.

UKWELI: Hapana, mara nyingi ndo gamba jipya linakua, na kwa yule wa Arua ndo mstari ninaoufuatilia kila mwezi kwenye picha, ukitoka bapa basi tumepatia. Vilima vya zamani havishuki. Ngozi kubanduka vipande vidogo shingoni nayo kawaida. Cha kukutisha ni wekundu chini ya gamba la tumbo, au sehemu yenye mashimo na harufu, huyo mpeleke kwa daktari wa mifugo leo.

DHANA: paka mafuta ya kupikia, gamba litalainika.

UKWELI: Linang'aa kwenye picha tu, vumbi linanasa, na unyevu anaohitaji haupati.

DHANA: picha inatosha.

UKWELI: Picha haibonyezi. Bonyeza gamba polepole kwa kidole, kobe wa umri ule likibonyea kama plastiki, hesabu za ukavu weka pembeni, hiyo ni shida ya mifupa, kwa daktari.