Wastani wa Fizikia umepanda, au wanafunzi wamepungua?

Wakuu wengi wa sekondari sasa wanafuatilia matokeo kwa dashibodi ya kompyuta, inayoonyesha wastani wa kila somo, darasa kwa darasa na muhula kwa muhula. Mstari wa kutiliwa shaka zaidi ni ule unaopanda ghafla wanafunzi wanapoingia kidato cha tatu.

Tuseme mkondo mmoja una wanafunzi 40. Mwishoni mwa kidato cha pili wastani wao wa Fizikia ni 38, yaani D. Muhula wa kwanza wa kidato cha tatu dashibodi inaonyesha 52, yaani C, na mwalimu wa somo anapongezwa kikaoni. Lakini walioendelea na Fizikia ni 15 tu. 25 wamechukua masomo ya sanaa. Ukirudi kwenye alama za hao 15 walipokuwa kidato cha pili, wastani wao ulikuwa 55. Wameshuka kwa alama 3. Mstari umepanda kwa sababu wenzao, waliokuwa na wastani wa karibu 28, wameacha somo.

Dashibodi haitalionyesha hilo kama mwalimu wa taaluma anaingiza wastani wa darasa peke yake. Aingize alama za kila mwanafunzi, mstari mmoja kwa mwanafunzi mmoja, somo moja na mtihani mmoja: mwaka, muhula, kidato, mkondo, somo, namba ya mwanafunzi, alama. Namba iwe ileile tangu kidato cha kwanza hadi cha nne. Majina hayafai kwa kazi hii, maana "Ally" wa muhula huu huandikwa "Ali" muhula ujao, na kompyuta ikawahesabu kuwa watu wawili. Kwa mpangilio huo, wastani hupatikana kwa fomula moja ya Excel:

```
=AVERAGEIFS(G:G,A:A,2025,B:B,1,C:C,3,E:E,"Fizikia")
```

Ili kulinganisha mihula miwili, chuja kwanza wanafunzi wenye alama pande zote mbili, ndipo upige wastani.

Mtoro wa mtihani naye huharibu hesabu. Wanafunzi 36 wakifanya mtihani na kupata wastani wa 45, kisha wanne wasiofika wakaandikiwa 0, wastani unakuwa 40.5 na darasa zima linaonekana limetoka C kwenda D. Kisanduku chao kiachwe wazi. Fomula hiyo hukiruka. Utoro wenyewe ni tatizo kubwa na unastahili safu yake, ila usichanganywe na ufundishaji.

Kwa sababu hiyo ningependa kando ya kila wastani iandikwe idadi ya waliofanya mtihani. Idadi ikiruka kutoka 40 hadi 15, mkuu asimsifu wala kumlaumu mwalimu yeyote kabla ya kufungua alama za mwanafunzi mmoja mmoja.