Kwa nini chumvi haiingii: swali la seli za kitunguu kwenye maji ya chumvi

Seli hai za ngozi ya kitunguu zimewekwa kwenye maji ya chumvi ya asilimia 5. Baada ya dakika kumi, ni lipi litakuwa limetokea?

A. Chumvi itakuwa imeingia ndani ya seli hadi kiwango chake kilingane na cha nje, na ukubwa wa seli hautabadilika.
B. Maji yatakuwa yameingia ndani ya seli na kuipasua.
C. Maji yatakuwa yametoka ndani ya seli, na utando wa seli utakuwa umejitenga na ukuta wake.
D. Chumvi itakuwa imeingia na seli itakuwa imevimba.

Jibu ni C. Nafundisha baiolojia sekondari, na wanafunzi wangu wanaokosa swali hili karibu wote huchagua A. Hawabahatishi. Ukimwomba mmoja wao aeleze, atakupa hoja iliyonyooka: nje chumvi ni nyingi, ndani ni kidogo, vitu husambaa kutoka palipo na kingi kwenda palipo na kidogo, basi chumvi itaingia mpaka pande zote zilingane. Kila kipande cha hoja hiyo ni sahihi kwa difyusheni. Chukua bilauri ya maji matupu, umwagie taratibu maji ya chumvi chini yake, uache, na mwishowe chumvi itaenea kote kama alivyosema. Ila bilauri haina utando katikati, na seli inao.

Tuutazame huo utando, kwa sababu swali zima limesimama juu yake. Umejengwa kwa tabaka mbili za molekuli za mafuta, na katikati yake ni mafuta matupu. Chumvi ya mezani ikiyeyuka huachana, ikawa ioni za sodiamu na ioni za kloridi. Ioni zina chaji ya umeme, na molekuli za maji huzizunguka na kuzishikilia kwa nguvu. Ili ioni ya sodiamu ipite kwenye mafuta, lazima iyaache maji yake yote, jambo ambalo kwake ni gumu mno. Molekuli ya maji haina mzigo huo. Ni ndogo, kwa ujumla haina chaji, na hupenya utando yenyewe, tena kuna protini ambazo kazi yake ni kuyapitisha maji peke yake, zinazoitwa akwaporini. Njia ndani ya protini hizo ni nyembamba kiasi kwamba molekuli za maji hupita moja moja kwa foleni. Aliyezitambua ni Mmarekani Peter Agre, na mwaka 2003 alipata Tuzo ya Nobeli ya kemia kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo kwenye utando wa seli hai kuna vitu viwili vyenye sababu ya kusafiri, lakini kimoja tu ndicho kinachopita. Chumvi ingeingia kama ingeweza. Haiwezi, au inapenya kidogo sana ikilinganishwa na maji. Maji yanaweza, nayo hutoka upande ambao vilivyoyeyuka ni vichache kwenda upande ambao vilivyoyeyuka ni vingi. Hiyo ndiyo osmosisi. Mimi huwaambia wanafunzi wasiridhike na ile sentensi kwamba osmosisi ni difyusheni ya maji. Sentensi hiyo haijakosea sana, lakini inaficha sharti lenyewe: lazima pawe na kizuizi kinachopitisha maji na kukizuia kile kilichoyeyuka. Ukiondoa kizuizi hicho, osmosisi haipo, na A ndiyo inayobaki.

Kuna kitu kimoja cha kweli ndani ya A ambacho sipendi kukipuuza. Anayeichagua anatarajia pande mbili zilingane, na kweli huishia kulingana, ila kwa njia nyingine. Tufanye hesabu. Asilimia 5 ni gramu 50 za chumvi katika lita moja. Ukihesabu sodiamu na kloridi kila moja peke yake, unapata takriban moli 1.7 za ioni kwa lita. Ndani ya seli ya kitunguu kuna sukari, chumvichumvi na vitu vingine vilivyoyeyuka. Tuchukulie jumla yake ni moli 0.4 kwa lita. Vitu hivyo haviwezi kutoka, na ioni za nje haziwezi kuingia. Kinachobadilika ni kiasi cha maji tu. Ili 0.4 ipande hadi 1.7, maji ya ndani lazima yapungue hadi kama robo ya yalivyokuwa. Usawa unapatikana kwa seli kunywea, na ndiyo maana maneno ya A kwamba ukubwa hautabadilika yanaanguka.

Haya yote yanaonekana kwa macho, na vifaa vyake havina gharama kubwa ikiwa shule ina hadubini. Tafuta kitunguu chekundu, si cheupe. Menya maganda makavu, kata gamba moja nene, na kwa koleo ndogo bandua ngozi ile ya zambarau iliyo upande wake wa nje. Iweke juu ya kioo kwenye tone la maji, funika, utazame kwa ukuzaji wa mara 100. Utaona vyumba virefu vilivyojaa rangi kutoka ukuta hadi ukuta. Sasa dondosha tone la maji ya chumvi pembeni mwa kioo cha kufunikia, na upande wa pili gusisha karatasi ya shashi. Shashi itavuta maji matupu na chumvi itaingia mahali pake. Ndani ya dakika chache rangi inaanza kubanduka kwenye pembe za vyumba, kisha inajikusanya katikati kama kidonge, huku kuta zikibaki pale pale zilipokuwa.

Hapo kuna dalili mbili ambazo mwanafunzi asizikose. Ya kwanza ni kwamba rangi inakolea. Ni rangi ile ile iliyobaki ndani ya maji machache zaidi, maana yake maji yametoka nayo haikutoka. Ya pili ni ile nafasi tupu kati ya ukuta na utando. Niulizapo kuna nini pale, wengi husema maji, au hewa. Pale pamejaa maji ya chumvi yaliyotoka nje. Ukuta wa seli ya mmea, ambao ni selulosi, una matundu makubwa kwa kipimo cha ioni, na chumvi hupita humo bila shida yoyote. Kwa hiyo katika seli hiyo hiyo moja chumvi imesambaa kwa difyusheni kupitia ukuta, ikafika kwenye utando, ikakwama. Na maji yamepita utando kwa osmosisi. Mtu akiweza kuonyesha kwa kidole kila tukio lilipotokea, hachanganyi tena.

Ukitaka kuhakikisha seli bado ni hai, ondoa chumvi kwa kutumia shashi na maji matupu kwa njia ile ile. Kama hukuiacha muda mrefu, rangi itatanuka tena mpaka ijaze chumba.

Sasa kuna pingamizi ambalo mwanafunzi hodari hulitoa, na mimi hulifurahia kwa sababu linatoka jikoni kwao. Mbona samaki wa ng'onda chumvi humkolea hadi ndani? Mbona achari ya ndimu huwa na chumvi mpaka moyoni? Kama chumvi haiingii kwenye seli, imefikaje huko?

Imefika kwa sababu seli zile zimekufa. Utando ni kizuizi kwa kadiri seli inavyoutunza. Seli ikifa, utando huachia, na chumvi husambaa ndani kwa difyusheni kama ambavyo A inasema. Tazama kachumbari upate mwanzo wa habari: vitunguu na nyanya vilivyokatwa, ukivinyunyizia chumvi na kuviacha kidogo, hutoa maji na kulegea. Sehemu ya maji hayo ni ya seli zilizokatwa na kisu, lakini mengine yanatoka kwa osmosisi kwenye seli ambazo bado ni hai. Achari ni mwisho wa habari ile ile: chumvi nyingi, ukali wa ndimu na siku nyingi juani huziua seli zote, na hapo ndipo chumvi inapopata njia.

Hata hili linajaribika chini ya hadubini. Chukua kipande kingine cha ngozi ya kitunguu chekundu, kitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, kisha kirudishe kwenye kioo. Maji uliyochemshia yatakuwa yamepata rangi, na vyumba vitakuwa vimefifia. Ongeza maji ya chumvi ya asilimia 5. Hakuna kidonge kinachojikusanya na hakuna kinachojitenga na ukuta. Ndiyo sababu swali letu lilianza na maneno "seli hai". Mtunzi wa swali akisema seli zimechemshwa kwanza, C inakuwa kosa, na A ndiyo inakuwa jibu.

Neno la pili la kuangalia ni jina la kile kilichoyeyushwa. Chukua chembe nyekundu za damu. Katika maji ya chumvi ya asilimia 0.9 hubaki na umbo lake, kwa kuwa vilivyoyeyuka nje na ndani vinalingana kwa idadi. Sasa tengeneza mmumunyo wa yurea wa asilimia 1.8. Ukihesabu molekuli, unapata moli 0.3 kwa lita, karibu sawa kabisa na ioni zilizomo kwenye ule wa chumvi. Mwanafunzi aliyekariri kwamba viwango vikilingana hakuna kinachobadilika atasema chembe zitabaki salama. Zinapasuka, tena upesi, na mmumunyo uliokuwa na ukungu unageuka mwekundu unaopitisha mwanga. Yurea haina chaji, na utando wa chembe nyekundu una protini inayoipitisha. Inaingia kwa difyusheni, kutoka nje ilikojaa kwenda ndani ilikokuwa haba. Ikishaingia, vilivyoyeyuka ndani vinakuwa vingi kuliko nje, na maji yanaifuata kwa osmosisi mpaka chembe ishindwe kuyabeba. Humo ndani ya neli moja ya kioo mambo yote mawili yametokea kwa zamu, difyusheni kwanza, osmosisi ikafuata. Kwa hiyo kabla ya kutazama namba za viwango, mimi huwaagiza wajibu kwanza swali moja: je, kilichoyeyuka kinaupita utando huu, ndiyo au hapana?