Kupokea si kukubali: dhana potofu kuhusu kufupisha barua pepe za wasambazaji

Tuchukue mfano wa kutunga, ingawa aliyewahi kuagiza mzigo kutoka nje ataona sura anazozifahamu. Kampuni ya kusaga unga mjini Morogoro inataka viroba vya kilo 25 vyenye chapa yake. Ofisa ununuzi anaandikiana kwa Kiingereza na watu watatu: muuzaji wa viroba aliyeko Gujarat, India, wakala wa meli, na wakala wa forodha wa Dar es Salaam. Wiki haijaisha, barua zimeshapita thelathini. Mkurugenzi hana muda wa kuzisoma. Anataka karatasi moja ya Kiswahili imwambie nini kimekubaliwa na nini bado.

Dhana: Soma barua ya mwisho, maana zote zilizotangulia zimo chini yake.

Zingekuwamo kama kila mtu angebonyeza Reply All kila mara. Muuzaji akibonyeza Reply peke yake, anamjibu mtu mmoja, na kuanzia hapo mlolongo unagawanyika. Tawi moja linaendelea na bei, lingine linaendelea na meli, na kila tawi lina "barua ya mwisho" yake. Katika mfano wetu, ofisa ununuzi alitaka kupunguza idadi hadi viroba 80,000, muuzaji akapandisha bei hadi dola 0.17 kwa kiroba, kisha wakarudi kwenye 100,000 kwa dola 0.16. Huko kurudi kwenye 100,000 kulifanyika kwenye tawi ambalo wakala wa meli hayumo. Yeye mpaka leo anakadiria nafasi ya mzigo kwa viroba 80,000.

Kuna pia majibu yaliyojificha. Mtu anaandika juu kwamba majibu yake yako chini kwa rangi nyekundu, halafu anajibu katikati ya barua ya zamani. Ukiifungua kwenye simu, au ukiinakili kwenye faili lingine, rangi inaweza kupotea na jibu likafanana kabisa na swali. Barua ya namna hiyo ifungue kwenye kompyuta.

Na usimalize kabla ya kufungua viambatisho. Proforma, yaani ankara ya awali ya muuzaji, iliyorekebishwa, hapa `PI_Rev2.pdf`, ndiyo yenye masharti ambayo hakuna aliyeyataja kwenye barua. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, muuzaji ameandika kwamba idadi inaweza kuzidi au kupungua kwa asilimia 5. Kwa mizigo inayochapishwa chapa ya mteja hilo ni jambo la kawaida, kwa sababu mashine huharibu baadhi ya viroba na kiwanda hakiwezi kuwauzia wengine vinavyozidi. Ila maana yake ni kwamba vinaweza kuja 95,000 au 105,000, na ankara ikawa kati ya dola 15,200 na 16,800. Mkurugenzi anapaswa kulijua hilo kabla ya kutenga fedha.

Dhana: Muhtasari mzuri hufuata tarehe, nani kasema nini na lini.

Hiyo ni historia, na mkurugenzi hakuomba historia. Ukimwandikia kwamba tarehe 12 muuzaji alitoa bei, tarehe 13 tukaomba punguzo, tarehe 14 akajibu, unamwachia kazi uliyopewa wewe. Panga kwa jambo: bei na idadi, malipo, muda wa kutengeneza, nauli ya meli, vibali. Kwa kila jambo tafuta neno la mwisho la kila upande, si neno la mwisho la mlolongo mzima. Maneno hayo mawili yakilingana, jambo limekubaliwa. Yasipolingana, au upande mmoja ukiwa haujasema kitu, bado liko wazi, hata kama limejadiliwa kwenye barua kumi.

Tarehe zina kazi moja tu hapa: weka tarehe ya barua iliyofunga jambo, ili mtu akibisha uweze kuifungua papo hapo.

Dhana: Akijibu "Noted", amekubali.

Hapa ndipo muhtasari mwingi unapoharibika. Ofisa ununuzi aliomba malipo ya awali yawe asilimia 20 badala ya 30. Muuzaji akajibu "Noted, will revert." Jibu limekaa kiungwana, na aliyechoka kusoma atalipeleka moja kwa moja kwenye yaliyokubaliwa. Lakini alichosema muuzaji ni kwamba ameliona na atarudi na jibu. Siku mbili baadaye alituma Rev2, na humo malipo ya awali bado ni asilimia 30. Kwa bei ya jumla ya dola 16,000, tofauti ni kulipa dola 3,200 au 4,800. Mhasibu akituma 3,200 kwa kuamini muhtasari, kiwanda hakitaanza kazi, na hakuna atakayejua kwa nini mpaka mtu aulize.

Ridhaa nayo ina mipaka. Baada ya Rev2, ofisa ununuzi aliandika kwamba anathibitisha idadi na bei ya kiroba kimoja kama zilivyo kwenye Rev2. Hakuandika kwamba anaikubali Rev2 yote. Kwa hiyo kilichofungwa ni idadi na bei. Asilimia 30 na ile asilimia 5 ya herufi ndogo hazijafungwa. Ukiandika "Rev2 imekubaliwa", umemkubalia muuzaji mambo mawili kwa niaba ya kampuni.

Kimya ni hivyo hivyo. Wakala wa forodha aliuliza kama mzigo huu unahitaji cheti cha ubora chini ya utaratibu wa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa, na kama unahitaji, nani ataomba na kulipia ukaguzi huko India. Barua sita zilifuata, zote zikizungumzia rangi ya chapa. Swali hilo ni rahisi kulipita kwa sababu hakuna aliyebishana juu yake. Ndilo la kuandikwa kwa herufi za kuonekana, kwa kuwa cheti hicho hutafutwa mzigo ukiwa bado kule, na meli ikishang'oa nanga nafasi hiyo imepita.

Dhana: Ukifupisha, ondoa masharti na ubaki na ahadi.

Muuzaji aliahidi viroba kuwa tayari ndani ya siku 25, "subject to receipt of advance and artwork approval", na ofisa ununuzi akakubali. Muhtasari wa haraka utasema: viroba tayari baada ya siku 25. Meneja wa uzalishaji ataichukua kalenda na kuhesabu kuanzia leo. Ukweli ni kwamba siku hizo hazijaanza, wala hazitaanza mpaka malipo ya awali yafike na dizaini ya chapa iidhinishwe, vyote viwili. Sharti likikatwa, ahadi inayobaki ni nyingine ambayo muuzaji hakuitoa. Afadhali kukata salamu, shukrani na maelezo ya kwa nini bei ya malighafi imepanda.

Dhana: Kila kitu kigeuzwe Kiswahili.

Vingi vigeuzwe, ndiyo. Ila FOB Mundra iache hivyo hivyo. Ukiandika "bei mpaka bandarini", msomaji wa Morogoro ataelewa bandari ya Dar es Salaam, wakati Mundra iko Gujarat na nauli ya meli ni juu ya mnunuzi. Ongeza maneno machache ya Kiswahili pembeni: nauli haimo. Namba ya proforma, jina la faili na alama ya sarafu pia visiguswe.

Saa, kinyume chake, lazima zigeuzwe, na zigeuzwe mara mbili. Muuzaji anataka dizaini iliyoidhinishwa kabla ya saa 5 pm ya kwao. India iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa mbili na nusu, hivyo hapa ni 2:30 pm, yaani saa nane na nusu mchana. Ukiandika "saa 5 Alhamisi", mmoja ataelewa saa tano asubuhi, mwingine saa kumi na moja jioni, na huyu wa pili atakuwa amechelewa. Mwezi nao uuandike kwa jina, kwa sababu 05/06 kuna mifumo ya kompyuta inayoisoma Mei 6.

Baada ya yote hayo, karatasi yenyewe inaweza kuwa fupi hivi:

Viroba vya kilo 25: hali ilivyo Jumatatu 19 Mei, saa kumi jioni

*Yaliyokubaliwa*
- Viroba 100,000, rangi mbili, dola 0.16 kimoja, FOB Mundra (nauli ya meli haimo). Jumla dola 16,000. Tumethibitisha 16 Mei.
- Kutengeneza ni siku 25 kuanzia malipo ya awali na dizaini vitakapokuwa vimekamilika vyote. Hazijaanza kuhesabiwa.

*Bado*
- Malipo ya awali: sisi tumeomba asilimia 20 (dola 3,200), proforma inasema 30 (dola 4,800). Anayesubiriwa: muuzaji. Mhasibu asilipe kwanza. Proforma inakwisha 27 Mei.
- Dizaini: tunasubiriwa sisi, mwisho Alhamisi 22 Mei, saa nane na nusu mchana saa za hapa. Mhusika: masoko.
- Idadi kuzidi au kupungua kwa asilimia 5: imo kwenye Rev2, haijajadiliwa. Uamuzi: mkurugenzi.
- Cheti cha ubora: kinahitajika? Nani anaomba na kulipia? Wakala wa forodha aliuliza 14 Mei, hajajibiwa.
- Nauli ya meli: wakala amekadiria kwa viroba 80,000. Apewe idadi sahihi. Mhusika: ununuzi.

Ona kwamba upande wa "bado" ni mrefu kuliko wa "yaliyokubaliwa". Barua thelathini zimefunga mambo mawili tu, na si jambo la kuona haya mbele ya mkurugenzi. Kila swali lina anayesubiriwa au mhusika wake. Swali la cheti pekee halina, kwa sababu kweli halina, na hilo nalo ni habari anayopaswa kupewa.

Dhana: Karatasi ikishamfikia mkurugenzi, kazi imekwisha.

Muuzaji wa Gujarat hasomi Kiswahili na hajui kwamba karatasi hiyo ipo. Orodha yako ya yaliyokubaliwa ni jinsi wewe ulivyoelewa, na yeye huenda alielewa vingine. Siku hiyo hiyo irudishe kwa Kiingereza kwenye mlolongo, kwa watu wote watatu, ukiorodhesha mambo mawili yaliyofungwa na kuwaomba wathibitishe, kisha umuulize kila mmoja swali lake kwa jina. La malipo mwulize muuzaji, la cheti mwulize huyo huyo kama yuko tayari kuomba ukaguzi na kwa gharama ya nani, la nauli mpe wakala wa meli idadi mpya. Akijibu tena "Noted", jambo hilo linabaki upande wa "bado" na mhasibu anaendelea kusubiri.