Mafuta ya damu yaliyotoka kwenye chupa ya soda

Msimu wa korosho ukianza hapa Mtwara, wanaume wengi wanashinda maghalani juani na vumbini, na kiu yao wanaikata kwa soda. Mmoja wao alikuja kliniki kwangu mwezi Novemba. Ana miaka 41, pombe hagusi, na alikuja kwa sababu ya kichwa kumuuma. Nikampima presha, nikaona na kitambi kimeanza, nikamwambia arudi kesho yake asubuhi bila kula, akiwa amekaa saa 12 kwa maji tu.

Tulipozungusha damu yake kwenye mashine, chembe zilishuka chini kama kawaida. Juu yake panapaswa kubaki maji ya rangi ya manjano, unayoweza kusoma maandishi kupitia kwake. Ya kwake yalikuwa meupe kama tui. Karatasi ya majibu ikasema trigliseridi, yaani mafuta ya damu yenyewe, ni milimoli 6.8 kwa lita, wakati kawaida ni chini ya 1.7. Kwenye mstari wa LDL, ile kolesteroli mbaya, palikuwa na nafasi tupu. Maabara nyingi hazipimi LDL moja kwa moja bali huikokotoa kutoka vipimo vingine, na hesabu hiyo haiaminiki tena trigliseridi zikipita 4.5. Ukiona LDL haijaandikwa, tazama kwanza trigliseridi kabla hujadhani mashine imeharibika.

Nilipomwonyesha alishtuka. "Dokta, mimi mafuta nimeacha. Hata korosho sili, na mama watoto samaki anapika chukuchuku, nazi hatii." Alikuwa anasema kweli. Baada ya saa 12 za kufunga, mafuta ya chakula cha jana yake kwa kawaida huwa yameshaondoka kwenye damu. Weupe ule ulitoka kwingine.

Kuna kipimo cha zamani ninachokipenda kwa sababu hakihitaji zaidi ya jokofu. Unaiacha seramu, yale maji ya juu ya chembe, ilale humo bila kutikiswa. Mafuta yaliyotoka utumboni yamefungwa kwenye matone makubwa, nayo hupanda juu yakafanya utando, kama tui zito linavyojitenga likilala. Mafuta yaliyotoka kwenye ini yako kwenye matone madogo zaidi, hayapandi, na seramu hubaki na ukungu ule ule toka juu mpaka chini. Ya kaka huyu asubuhi ilikuwa na ukungu mtupu, utando hapana. Ini ndilo lililokuwa linayatuma.

Tukakaa tukahesabu alichokuwa anakunywa. Soda nne kwa siku za chupa ya mililita 350, kila moja ina sukari kama gramu 37, hiyo ni 148. Vikombe viwili vya chai, vijiko vitatu vilivyojaa kila kikombe, ni kama gramu 30 nyingine. Jumla karibu gramu 178. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu anayohitaji mtu, ambayo kwa wengi ni kama gramu 50. Sukari ya mezani nusu yake ni glukosi na nusu ni fruktosi, kwa hiyo alikuwa anameza takriban gramu 90 za fruktosi kila siku, nyingi zikiwa kimiminika kisichotafunwa wala kuwa na nyuzi za kuichelewesha.

Glukosi na fruktosi zikifika kwenye ini hazipokelewi sawa. Glukosi inatumiwa na mwili mzima, ubongo na misuli vikiwemo, na ndani ya ini inapita mlango wenye bawabu: nguvu ikitosha, mlango unabanwa. Fruktosi ina njia yake ya pembeni, inaingia baada ya bawabu huyo, na ini linaichakata yote inayolifikia hata kama halina haja ya nguvu. Sehemu kubwa ya fruktosi hiyo hugeuzwa kuwa glukosi na laktati. Inayobaki inavunjwa kuwa vipande vya kaboni mbili mbili, na ini linaviunga mpaka kupata asidi ya mafuta yenye kaboni 16. Asidi tatu zikishikizwa kwenye uti wa gliseroli, ambao nao fruktosi inaweza kuutoa, hiyo ni trigliseridi. Inafungwa kwenye tone na kumwagwa kwenye damu.

Kabla ya kuungwa, vipande vile hugeuzwa kwanza kuwa kitu kinachoitwa malonili-KoA, na hapa ningependa msomaji atulie kidogo. Malonili-KoA ni tofali la kujengea mafuta, lakini pia ndiyo inayofunga mlango ambao asidi za mafuta hupitia kwenda kuchomwa. Kwa hiyo ini linalojenga mafuta limeacha pia kuyachoma. Yale yanayolifikia kutoka kwenye kitambi, badala ya kuungua, nayo yanafungwa kwenye matone yale yale. Watafiti waliofuatilia ini lenye mafuta kwa watu wanene walikuta kama robo ya trigliseridi zake imetengenezwa upya hivi, na zaidi ya nusu imetoka kwenye akiba ya mwili. Kwa hiyo haitakuwa kweli kusema kila tone kwenye damu yake lilikuwa soda. Soda ilileta malighafi, na wakati huo huo ikazuia mafuta mengine yasiungue.

Na ugali je? Sembe jeupe na wali havina fruktosi, lakini wanga wake unavunjwa haraka kuwa glukosi, insulini inapanda, na insulini ndiyo inayoliamuru ini liongeze vimeng'enya vya kutengeneza mafuta. Sahani kubwa ya ugali ikisindikizwa na soda, ugali unatoa amri na soda inatoa malighafi. Kaka huyu ndivyo alivyokuwa anakula kila mchana.

Kabla sijamshauri nilipima sukari, tezi ya shingo na figo, nikamuuliza dawa anazotumia, maana kisukari kisichodhibitiwa, tezi iliyozembea na baadhi ya dawa hupandisha trigliseridi bila soda yoyote. Vyote vilikuwa salama. Angekuwa amepita milimoli 10 ningemkataza mafuta ya chakula pia, na haraka, kwa sababu hapo kongosho linaweza kuvimba, ugonjwa unaoua. Kwa 6.8 nilimwomba aache soda zote, juisi za paketi pia, chai anywe bila sukari, ugali apunguze nusu na nafasi yake ajaze kunde au mbaazi. Embe moja baada ya kula sikulikataza. Korosho nilimrudishia, kiganja kimoja kwa siku, zisizo na chumvi, kwa sababu mafuta yake hayapiti njia hii.

Alirudi baada ya wiki 6. Trigliseridi zilikuwa 2.4, bado juu ya kawaida, na kilo zilipungua tatu. Nilishika chupa ya seramu mbele ya karatasi ya majibu na jina lake likasomeka nyuma yake. Mstari wa LDL ulikuwa na namba kwa mara ya kwanza, 3.3, nasi tukaanza kuizungumzia hiyo.