Barua ya kuomba ndoa: kwa nini sehemu ya tarehe huachwa wazi

"Sisi tumeshapanga harusi yetu Desemba. Kwa nini barua ya kuomba ndoa izungushwe hadi kwa mwenyekiti wa jumuiya, halafu paroko ndiye apange tarehe?"

Kwa sababu barua hiyo haiombi nafasi kanisani kama unavyoomba ukumbi. Inafungua uchunguzi, na uchunguzi huo una siku zake. Padri hawezi kukutajia tarehe kabla hajajua siku hizo zitaisha lini, na wa kwanza kumsaidia kujua ni watu wanaosali nawe kila wiki.

Nimekuwa katibu wa jumuiya hapa Moshi kwa miaka kadhaa, na barua nyingi za ndoa zimepita mikononi mwangu. Nitaeleza utaratibu wa Kanisa Katoliki kwa kuwa ndio ninaoujua kwa ndani. Ndugu zetu wa KKKT nao wana barua yao na matangazo yao, ila majina ya ngazi ni tofauti: wao wana mtaa na usharika, sisi tuna jumuiya, kigango na parokia.

Nianze na neno moja linalowachanganya wengi. Vijana huandika "tunaomba utubarikie ndoa yetu". Kwa mazungumzo ya nyumbani haina shida, lakini katibu akilisoma atawauliza kwa upole: je, mnaishi pamoja tayari, au mlishafunga bomani? Huku kwetu "kubariki ndoa" huzungumzwa kwa watu ambao tayari ni mke na mume machoni pa jirani, na sasa wanataka kuja kanisani. Wasiowahi kuishi pamoja huandika "kufunga ndoa". Tofauti hiyo inabadilisha karatasi zitakazodaiwa, maana waliofunga bomani watatakiwa kuleta cheti chao cha serikali. Kuna sababu ya ndani zaidi pia. Katika mafundisho ya Kanisa letu, wanaopeana sakramenti ya ndoa ni bibi na bwana wenyewe, kwa kiapo chao. Padri anawauliza, anapokea kiapo kwa niaba ya Kanisa, na mashahidi wawili wanaona. Baraka ipo, lakini kinachofunga ndoa ni yale maneno yenu mawili.

Hii ni barua tuliyoipokea, nimeondoa majina tu:

Jumuiya ya Mt. Monika,
(kigango),
12 Oktoba 2024.

Baba Paroko,
(parokia).

Kwa kupitia: Mwenyekiti wa Jumuiya, na Katekista wa Kigango.

YAH: OMBI LA KUFUNGA NDOA TAKATIFU

Tumsifu Yesu Kristo.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi (jina kama lilivyo kwenye ubatizo), niliyebatizwa katika parokia ya (jina), pamoja na mchumba wangu (jina), aliyebatizwa katika parokia ya (jina), Arusha, tunaomba kufunga ndoa takatifu katika parokia yako. Wazazi wa pande zote wameridhia, na taratibu za posa zimekamilika. Hakuna kati yetu aliyewahi kufunga ndoa, ya kanisani wala ya bomani.

Tunaomba utupangie siku ya mahojiano, mafundisho na matangazo, na baada ya hapo tarehe ya ndoa. Kwa upande wetu tungependa iwe Desemba, ndugu wakiwa nyumbani.

Wako katika Kristo,
(sahihi mbili)

Ni barua nzuri. Imetaja parokia za ubatizo, imesema wazi kuhusu ndoa za nyuma, na imesema wanachopendelea bila kufunga mlango. Sahihi ni mbili, na hilo ninalisisitiza kila mara, maana barua ya bwana harusi peke yake hurudi. Tatizo lilikuwa kwamba nyuma ya barua hii ya unyenyekevu, kamati ya harusi ilikuwa imeshalipia ukumbi wa Jumamosi ya tarehe 14 Desemba na kuchapa kadi 200.

Mwenyekiti wa jumuiya alisaini siku ileile, baada ya sala. Sahihi yake ina maana moja tu: huyu tunamfahamu, anasali nasi, na hatujasikia kwamba ana mke au mume mahali pengine. Padri wa parokia yenye vigango vingi hawezi kuwajua vijana wote kwa sura, na jumuiya inawajua hadi nyumba walizokulia. Nataka kusema jambo hapa, kwa sababu linawaumiza watu. Kuna viongozi wanaokataa kusaini mpaka kijana amalize madeni ya michango. Kukumbushana michango ni haki, lakini deni la mchango si kizuizi cha ndoa. Sheria ya Kanisa, kanuni namba 1058, inasema wanaweza kufunga ndoa wote wasiokatazwa na sheria, na katika orodha ya vizuizi deni halimo. Ukikwama hapo, nenda kwa katekista au kwa paroko mwenyewe, ueleze kwa heshima.

Barua ilifika mezani kwa paroko Jumanne ya tarehe 15. Jambo la kwanza alilolitaka lilikuwa vyeti vipya vya ubatizo. Bwana harusi alishangaa, kwa sababu alikuwa nacho cha tangu utoto, kimetiwa plastiki vizuri. Cheti cha utoto kinaeleza siku ile uliyobatizwa, basi. Kitabu chenyewe cha ubatizo hubaki katika parokia ulikobatizwa, na pembeni ya jina lako huendelea kuandikwa mambo yanayokupata baadaye: kipaimara, ndoa, daraja takatifu, nadhiri za utawa. Ukifunga ndoa Mbeya leo, paroko wa huko hutakiwa kutuma taarifa kwenye parokia ya ubatizo wako ili iandikwe ukingoni mwa jina lako. Kwa hiyo cheti kilichonakiliwa upya wiki hii ndicho kinachoweza kuonyesha kama kuna ndoa nyingine, na ndiyo maana parokia hutaka kisichozidi miezi sita.

Cha bibi harusi kilipatikana haraka, kwani alibatizwa jirani. Cha bwana harusi kilibidi kiombwe Arusha, na jina lake kule liliandikwa tofauti na kwenye kitambulisho cha Taifa. Ilihitajika barua ya kuthibitisha kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Cheti kilifika tarehe 6 Novemba. Mahojiano yakafanyika Jumamosi ya tarehe 9, kila mmoja peke yake na padri: je, umelazimishwa? Unajua ndoa hii ni ya kudumu? Upo tayari kupokea watoto?

Ndipo yakaja matangazo, Jumapili tatu mfululizo: tarehe 10, 17 na 24 Novemba. Desturi hii ni ya zamani sana. Mtaguso wa Nne wa Laterano uliagiza mwaka 1215 kwamba ndoa zitangazwe, na Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ukaweka mara tatu na kutaka padri na mashahidi wawepo. Tatizo lililowasumbua lilikuwa ndoa za siri: mtu anaapiana na mwanamke faraghani, kesho anamkana na kuoa mwingine hadharani, na hakuna shahidi. Tangazo linamwita yeyote anayejua kizuizi aseme kabla, siyo baada. Katika jumuiya yetu nimewahi kuona tangazo la pili likimleta ofisini mama mmoja akiwa amebeba mtoto mgongoni, na ndoa ile ikasimama.

Serikali nayo ina hesabu yake, na hapa ndipo wengi hushtuka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa siku 21 au zaidi kabla ya siku ya ndoa. Padri anayefungisha ndoa hufanya hivyo kwa leseni ya serikali, na ndoa ya kanisani ni ndoa kamili kisheria, kwa hiyo siku hizo zinamhusu. Jumapili tatu pekee hazitoshi, kwani kutoka ya kwanza hadi ya tatu ni siku 14 tu.

Sasa hesabu pamoja nami. Taarifa ilitolewa siku ya mahojiano, tarehe 9 Novemba. Ongeza siku 21, unafika Jumamosi ya tarehe 30 Novemba. Kesho yake, Jumapili tarehe 1 Desemba 2024, Majilio yakaanza, na parokia yetu haipangi ndoa wakati wa Majilio wala Kwaresima. Vitabu vya liturujia vyenyewe vina mkazo mkubwa zaidi kwa Ijumaa Kuu na Jumamosi Kuu, ambazo hazifungishwi ndoa kabisa. Kwa vipindi vyenyewe vya toba, parokia nyingi zina utaratibu wao, kwa hiyo uliza mapema. Tarehe 14 Desemba ilikuwa katikati ya Majilio. Hata vyeti vingefika siku ya kwanza, siku ile isingewezekana.

Paroko aliwapa siku mbili: tarehe 30 Novemba saa nne asubuhi, au Jumamosi ya tarehe 28 Desemba, pamoja na wachumba wengine. Walichagua ya pili, maana wajomba wote wa Dar es Salaam wangekuwa wamepanda kuja Krismasi. Mwenye ukumbi alikubali kuwahamishia siku. Kadi zilichapwa upya zote 200.

Hawa walikuwa Wakatoliki wawili. Huku kwetu mara nyingi sivyo ilivyo: binti ni wa Kibosho, Mkatoliki, kijana ni wa Machame, Mlutheri. Hilo liandikwe ndani ya barua tangu mwanzo, msilifiche mkidhani litawachelewesha. Linachelewesha zaidi likigundulika kwenye mahojiano. Paroko lazima aombe ruhusa ya askofu, na Mkatoliki ataahidi kuilinda imani yake na kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mwenzake halazimishwi kuahidi, ila ni lazima ajulishwe ahadi hiyo. Wanaotangaza ni pande zote mbili, kwetu na usharikani. Kwa ndoa ya namna hii huwa ninawaambia vijana walete barua miezi sita kabla, na kamati isiguse ukumbi mpaka ruhusa irudi.

Wale wa Desemba walifunga ndoa tarehe 28, wakasaini vitabu mbele ya mashahidi, na sherehe ikaendelea. Januari nilipopita ofisini kuchukua bahasha za jumuiya, nilimkuta katekista anaandika taarifa ya kutumwa Arusha: majina yao, tarehe, parokia, na namba ya ukurasa wa kitabu cha ubatizo ambako mstari huo ungeandikwa, pembeni ya jina la bwana harusi.