Ununue kila mwezi au usubiri ishara ya chati?

Swali hili huulizwa sana na watu wenye kipato kidogo wanaoweka akiba ya miaka 20 au zaidi katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja: wanunue vipande kila mwezi, au wakusanye fedha mpaka chati ioneshe kwamba bei imeanza kupanda? Ishara inayofuatwa na wengi ni wastani wa bei wa siku 200. Bei ikipanda juu ya mstari wa wastani, wananunua. Ikiwa chini yake, wanasubiri.

Wastani huo unatokana na bei zilizokwisha kupita, kwa hiyo hauwezi kukuonesha siku ya bei ya chini kabisa. Unapopata ishara, bei ya chini imeshapita.

Tuseme unatenga 100 kila mwezi. Bei ilikuwa ikishuka tayari, na kwa miezi mitano kipande kinauzwa 10, 8, 5, 8, kisha 10. Anayenunua kila mwezi anapata vipande 10, 12.5, 20, 12.5 na 10, jumla 65. Mwenzake anasubiri ishara. Ili hesabu iwe fupi, tumpe wastani wa miezi mitatu. Mwezi wa nne wastani ni 7 na bei ni 8, basi ananunua kwa 400 aliyokusanya na kupata vipande 50. Mwezi wa tano anaongeza 10. Wote wametoa 500, ila yeye ana vipande 60. Tofauti imetokana na ule mwezi wa bei ya 5, ambao kwenye chati ulitisha kuliko yote.

Bei ikishuka kwa muda mrefu, anayesubiri anaweza kumshinda mwenzake. Lakini mara nyingi bei huvuka mstari, ikarudi chini, ikavuka tena, na kila ishara ya uongo humgharimu. Kwa maoni yangu, ishara hizi zinamfaa zaidi mwenye fungu kubwa ambalo tayari limo sokoni na anaogopa lisiporomoke. Anayeanza ana kidogo cha kupoteza, na fedha zake nyingi bado hazijaingia.

Angalia sana kamisheni. Dalali akitoza 2 kwa kila ununuzi, kwenye 100 umepoteza asilimia 2. Ukinunua mara moja kwa miezi mitatu kwa 300, makato hayafiki asilimia 0.7. Hapo kukusanya kuna maana, mradi tarehe ya kununua uipange mapema, usiiachie chati.

Hesabu hii pia inategemea bei kuinuka tena. Mfuko wenye hisa za kampuni nyingi una nafasi nzuri ya kuinuka. Hisa ya kampuni moja inaweza kushuka hadi sifuri, na kuinunua kila mwezi ni kuongeza hasara.